Kusaka hisa zilizobana karibu na kilele cha mwaka: Finviz, jedwali la Google au Python?

Anayefuata hisa kwa chati huwa anasaka picha moja. Hisa imepanda kwa miezi kadhaa, imefika karibu na bei yake ya juu kabisa ya mwaka, kisha badala ya kuporomoka ikatulia. Siku kumi, kumi na tano, bei inachezacheza ndani ya ukanda mwembamba. Utulivu huo ndio huitwa msingi, na ukanda ukiwa mwembamba sana tunasema hisa imebana. Mnunuzi hungoja bei ivunje dari ya ukanda ndipo aingie, na huweka amri ya kukata hasara chini kidogo ya sakafu yake. Ukanda ukiwa mwembamba, kukosea kunagharimu kidogo. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuutafuta, kwa sababu misingi mingi haivunjiki kwenda juu kama mtu anavyotamani.

Kuutambua ni kazi ya jicho, na jicho lina kikomo. Fahirisi ya S&P 500 peke yake ina hisa 503, kwa kuwa kampuni chache kama Alphabet zina aina mbili za hisa sokoni. Ukitazama kila chati kwa sekunde 20 tu, utamaliza baada ya karibu saa tatu, na ukifika herufi M tayari kila kitu kitaonekana kimebana. Ndipo haja ya chujio inapokuja: kifaa kitakachopunguza hisa 500 hadi 15, na hizo 15 uzitazame kwa macho yako.

Njia za bure zinazotumika sana ni tatu. Unaweza kutumia tovuti ya Finviz iliyokwisha kutengenezwa, ukajijengea jedwali la Google lenye fomula, au ukaandika msimbo mfupi wa Python. Watu hubishana juu ya njia hizi kana kwamba tofauti ni ugumu wa kuzijifunza. Kwangu mimi swali la kwanza ni jingine: unaposema hisa imebana, unaipima kwa rula gani? Ukishalijibu hilo, chaguo linabaki jepesi.

Rula mbili

Rula ya kwanza ni asilimia isiyobadilika. Unachukua bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ya siku 15 za soko, unatazama pengo lake, na likiwa chini ya asilimia 8, basi hisa imebana. Ni rahisi, na inadanganya.

Tuchukue hisa mbili za kubuni. Ya kwanza ni kampuni ya umeme, ambayo siku ya kawaida hupanda au kushuka asilimia 0.7. Ya pili ni ya vifaa vya kompyuta, na siku yake ya kawaida ni asilimia 2.2. Katika siku 15 zilizopita ya umeme imecheza ndani ya ukanda wa asilimia 5, na ya kompyuta ndani ya asilimia 9. Rula ya asilimia 8 inaipokea ya umeme na kuitupa ya kompyuta.

Lakini je, kila moja ilitarajiwa kucheza kiasi gani? Hesabu za mwendo wa kubahatisha zinatupa kipimo cha kukadiria: ndani ya siku 15, bei inayoyumba bila mwelekeo hutembea ukanda wa kama mara 9 ya mwendo wake wa siku ya kawaida. Kwa kampuni ya umeme hiyo ni asilimia 6.3. Imecheza 5, yaani karibu asilimia 80 ya kawaida yake. Haijabana, ndivyo ilivyo siku zote. Ya kompyuta ilitarajiwa kucheza kama asilimia 20, nayo imecheza 9, chini ya nusu. Huko ndiko kuna jambo.

Hiyo ndiyo rula ya pili: upana wa ukanda ukigawanywa kwa upana ambao hisa hiyohiyo huwa nao. Mimi huita jibu lake kiwango cha kubana. Karibu na 1 ni hali ya kawaida, na chini ya 0.6 ndipo ninaanza kusogeza kiti. Usiitumie namba 9 kana kwamba imetoka mbinguni. Soko halisi lina siku za vurugu ambazo hesabu hiyo haizijui. Kazi yake ni kupanga hisa kwa mfuatano wa haki, na kwa kazi hiyo inatosha.

Sasa tuone nani anaweza kutumia rula ipi.

Finviz: ya haraka, na kuna hila moja

Finviz ina maelfu ya hisa za Marekani, haihitaji kuandika chochote, na unapata jibu ndani ya dakika mbili. Kilele cha mwaka kinashughulikiwa moja kwa moja: kwenye kichujio cha `52-Week High/Low` unachagua `0-10% below High`.

Ugumu uko kwenye kubana, kwa kuwa hakuna kichujio kinachosema "ukanda wa siku 15". Kilichopo ni umbali kutoka juu au chini ya siku 20 na siku 50, na kila kichujio kinakubali chaguo moja tu. Huwezi kuiambia siku 20 iwe karibu na juu na pia karibu na chini. Hila ni kugawa kazi kati ya vichujio viwili:

```
52-Week High/Low : 0-10% below High
50-Day High/Low  : 0-5% below High
20-Day High/Low  : 0-5% above Low
Average Volume   : Over 500K
Price            : Over $10
```

Fikiria maana yake. Bei iko ndani ya asilimia 5 ya juu kabisa ya siku 50, kwa hiyo lazima iko ndani ya asilimia 5 ya juu ya siku 20 pia. Wakati huohuo iko ndani ya asilimia 5 ya chini ya siku 20. Gawanya 1.05 kwa 0.95 upate 1.105: ukanda mzima wa siku 20 hauwezi kuzidi asilimia 10.5. Umeulazimisha mtambo upime kitu ambacho haukuwa na kitufe chake.

Mstari wa bei hauko pale kwa urembo. Kichujio cha `Average Volume` kinahesabu hisa, hakihesabu pesa. Hisa 500,000 za dola 3 ni biashara ya dola milioni 1.5 kwa siku, na hisa idadi hiyohiyo za dola 300 ni milioni 150. Bila kikomo cha bei utachanganya kioski na supamaketi kwenye orodha moja.

Kasoro ya Finviz ni kwamba rula yake ni ile ya kwanza, na hakuna hila ya kuikwepa. Orodha itajaa kampuni za umeme, maji, bima na vinywaji, ambazo hukaa humo wiki nenda wiki rudi. Pia toleo la bure halikuruhusu kupakua orodha. Unaitazama ukurasa kwa ukurasa.

Jedwali la Google: linaeleweka, lakini lina pumzi fupi

Kwenye jedwali unaandika majina ya hisa safu ya A, kwa mfano `NASDAQ:AAPL` au `NYSE:KO`, na fomula zinafanya mengine. Umbali kutoka kilele cha mwaka ni mstari mmoja:

```
=1-GOOGLEFINANCE(A2,"price")/GOOGLEFINANCE(A2,"high52")
```

Upana wa ukanda unahitaji historia. Siku 22 za kalenda ni takriban siku 15 za soko:

```
=MAX(INDEX(GOOGLEFINANCE(A2,"high",TODAY()-22,TODAY()),0,2))
/MIN(INDEX(GOOGLEFINANCE(A2,"low",TODAY()-22,TODAY()),0,2))-1
```

Uzuri wake ni kwamba hapa unaweza kuikaribia rula ya pili bila kuwa mtaalamu. Nakili fomula hiyohiyo kwenye safu nyingine, badilisha tarehe ziwe `TODAY()-44` hadi `TODAY()-22`, upate upana wa kipindi kilichotangulia. Gawanya wa sasa kwa wa awali. Hisa iliyocheza asilimia 18 kisha ikacheza 8 itakupa 0.44. Kipindi cha awali mara nyingi kitakuwa na ile safari ya kupanda ndani yake, na hilo si baya: kukimbia kisha kupumzika ndiyo picha yenyewe tunayoisaka.

Pumzi ndiyo inayokatika. Kila hisa inaomba historia mara nne. Kwa hisa 60 jedwali linakwenda vizuri. Kwa hisa 500 hayo ni maombi 2,000 kila linapofunguka, na utaona seli zimeganda kwenye `Loading...` au zimejaa `#N/A`. Lililo baya zaidi ni kwamba `#N/A` haichagui. Inaweza kuangukia hisa ambayo ingekuwa ya kwanza kwenye orodha, nawe ukipanga safu hutajua kuwa ilikosekana. Weka seli moja juu inayohesabu makosa, `=SUMPRODUCT(--ISERROR(C2:C500))`, na isiposoma sifuri usiiamini orodha ya siku hiyo.

Python: kazi ya jioni moja, kisha sekunde chache kila asubuhi

Hapa rula ya pili inaingia nzima. Bei zinachotwa Yahoo kwa maktaba iitwayo `yfinance`. Faili `hisa.txt` lina majina, moja kwa kila mstari:

```python
import yfinance as yf

orodha = open("hisa.txt").read().split()
d = yf.download(orodha, period="1y", auto_adjust=False)
H, L, C, V = d["High"], d["Low"], d["Close"], d["Volume"]

umbali = 1 - C.iloc[-1] / H.max()
upana  = H.tail(15).max() / L.tail(15).min() - 1
mwendo = C.pct_change().iloc[-75:-15].abs().median()
kubana = upana / (9 * mwendo)
fedha  = (C * V).tail(50).mean()

pita = (umbali < 0.10) & (kubana < 0.6) \
     & (fedha > 20e6) & (C.count() > 200)
print(kubana[pita].sort_values())
print("Hazina bei:", C.columns[C.iloc[-1].isna()].tolist())
```

Mistari mitatu inahitaji maelezo. `mwendo` unapimwa kwa siku 60 zinazoishia pale siku 15 za ukanda zinapoanza, `-75:-15`. Ukiziingiza zile 15 tulivu kwenye kipimo cha kawaida, kawaida yenyewe itashuka na kubana kutaonekana kudogo kuliko kulivyo. Na nimetumia namba ya katikati, `median`, badala ya wastani, ili siku moja ya ripoti ya faida iliyorusha bei asilimia 15 isiharibu kipimo cha siku nyingine 59.

`C.count() > 200` ni kwa ajili ya kampuni mpya. Hisa iliyoingia sokoni miezi mitano iliyopita haina kilele cha mwaka. Ina kilele cha miezi mitano, na msimbo hauwezi kujua tofauti usipouambia.

Mstari wa mwisho wa kuchapisha ndio watu husahau. Hisa iliyokosa bei haipigi kelele kwenye Python. Ulinganisho wake unatoa `False` na inapotea kimya. Sababu ya kawaida ni jina: Berkshire Hathaway huandikwa `BRK-B` kwa Yahoo, na `NYSE:BRK.B` kwa Google. Sababu nyingine ni kwamba `yfinance` si bidhaa ya Yahoo. Imeandikwa na watu wa nje, na Yahoo wakibadilisha kitu au wakiona unaomba mno, inakwama. Kuomba hisa 100 kwa mkupuo hupunguza balaa.

Kuna jambo la mgawanyo wa hisa ambalo linagusa kila njia, na hasa data uliyonunua au kuihifadhi mwenyewe. Juni 2024 Nvidia iligawa kila hisa moja kuwa kumi. Ijumaa tarehe 7 ilifunga karibu na dola 1,209, Jumatatu tarehe 10 ikafunga karibu na dola 122. Hakuna aliyepoteza kitu. Chujio lenye bei za zamani zisizorekebishwa lingeona hisa iliyo asilimia 90 chini ya kilele, na lingeendelea kuiona hivyo kwa mwaka mzima. Mipangilio niliyoweka hapo juu hurekebisha migawanyo na kuacha gawio, jambo ninalolipendelea kwa kuwa kilele kinabaki bei ambayo watu walinunulia kweli.

Mtihani mmoja kwa njia zote: Splunk

Septemba 21, 2023 Cisco ilitangaza kuinunua Splunk, iliyokuwa ikiuzwa Nasdaq, kwa dola 157 taslimu kwa kila hisa. Bei ikaruka siku hiyohiyo kutoka kama dola 120 hadi karibu 145, kisha ikapanda polepole mno kuelekea bei ya mkataba, hadi ununuzi ulipokamilika Machi 18, 2024. Karibu na kilele cha mwaka, ndiyo. Imebana, ndiyo kabisa. Lakini dari yake ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba, na hakuna wa kuivunja. Aliyenunua pale alikuwa akibahatisha iwapo wadhibiti wataruhusu ununuzi, basi.

Finviz kwa vichujio vile ingeionyesha kwa miezi. Ukanda mwembamba ni ukanda mwembamba, rula yake haiulizi zaidi.

Jedwali lenye vipindi viwili lingeishika wakati kipindi cha awali kina ule mruko. Pengo la kipindi hicho linazidi asilimia 20 na la sasa ni dogo, hivyo uwiano unakuwa wa kuvutia mno. Wiki chache baadaye vipindi vyote viwili ni vya utulivu, uwiano unarudi karibu na 1, na hisa inatoka.

Msimbo wa Python ungefanya kitu cha kati. Mwanzoni mwa Novemba sehemu kubwa ya zile siku 60 za kipimo ilikuwa ya kabla ya tangazo. Tuseme mwendo wa kawaida wakati huo ulikuwa asilimia 1.2: ukanda uliotarajiwa ni 10.8, uliopo ni kama 3, kiwango ni 0.28. Ingekaa juu kabisa ya orodha. Kufikia katikati ya Januari siku zote za kipimo ni za baada ya tangazo, mwendo umeshuka hadi sehemu ndogo ya asilimia, na hisa inajitoa yenyewe bila mtu kuigusa.

Kwa hiyo hata rula nzuri hudanganywa kwa miezi miwili mitatu. Ndiyo maana kiwango kikishuka chini ya 0.3 mimi huacha kufurahi na kwenda kusoma habari za kampuni kwanza. Hisa hai haikai kimya kiasi hicho bila sababu. Kwenye chati utaitambua kwa mruko mmoja wa siku moja, kisha mstari kama wa rula unaogoma kupita bei fulani.

Nani achague nini

| | Finviz | Jedwali la Google | Python |
|---|---|---|---|
| Idadi inayomudu | Maelfu | Kama 60 hadi 100 | Mamia |
| Rula ya kubana | Asilimia tu | Kipindi dhidi ya kipindi | Hisa dhidi ya kawaida yake |
| Inavyokosea | Hujaa hisa baridi | `#N/A` | Kukosa data kimya |

Mwenye saa moja kwa wiki, akae na Finviz, ajue kwamba nusu ya orodha yake ni hisa zilizozaliwa zimetulia. Mwenye orodha yake ya kampuni 50 anazozifuata na hataki kusikia habari za msimbo, jedwali linamfaa, na atalielewa kila seli. Ukitaka kuchuja mamia kila siku, hakuna haja ya kuzunguka: jifunze Python ya kiwango hiki, ambayo ni mistari kumi na kitu. Kuna pia njia ya mseto ninayoipenda kwa asiye na kompyuta yake: Finviz ipunguze maelfu hadi themanini, kisha majina hayo yaingizwe kwenye jedwali na vipindi viwili vipange nani awe juu. Kuyaingiza kwa mkono kunachosha, lakini si kila siku.

Kwa walioko Afrika Mashariki, bei zinazochelewa dakika 15 au 20 si hoja kabisa. Soko la New York hufunga saa tano usiku kwa saa zetu wakati wa kiangazi chao, na saa sita usiku wakati wa baridi. Endesha chujio asubuhi, siku ikiwa imefungwa. Ukiliendesha jioni soko likiwa wazi, siku ya 15 bado haijaisha na ukanda utaonekana mwembamba kuliko utakavyokuwa usiku.

Msimbo huu usiupeleke Nairobi au Dar es Salaam, hata ukipata data. Soko la Nairobi lina kampuni sitini na kitu, la Dar hazifiki 30, daftari linatosha. Tena kuna hisa ambazo bei yake haibadiliki siku tisa kwa sababu hakuna aliyeuza wala kununua. Katika siku 60 namba ya katikati ya mwendo inakuwa sifuri, unagawanya kwa sifuri, na Python inakujibu `inf` au `NaN`.